Mnamruhusu Kuandika, Mnamkataza Kusema

Neno la kwanza ninalolipiga marufuku darasani kwangu ni "una uhakika". Nalichukia kuliko ninavyochukia kuamshwa siku ya mapumziko. Mteja amepiga simu, amesikiliza muziki wetu mbaya mpaka sikio limepata moto, mwishowe amempata binadamu, halafu binadamu huyo anamwambia, "Una uhakika, mama?" Maana yake ni moja tu: sikuamini. Ukishalisema hilo, hata uongee kwa sauti ya asali, umeshaharibu.

Mimi ni mkufunzi katika kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu. Napokea watu wapya ambao karibu wote wanaamini wanajua kuongea, maana wameongea tangu utotoni, nami nawafundisha kusikiliza. Nikiwapa kisogo wananiita Pilipili. Sikatai, na pia sijapoa.

Darasa langu ni chumba cha ghorofa ya pili chenye zulia lililokwanguka mlangoni, kiyoyozi kinachoguna, na ukuta mmoja wa kioo. Upande wa pili wa kioo ndiko kwenye ukumbi wa simu, safu kwa safu za watu waliovaa hedifoni, kila mmoja anatabasamu mbele ya skrini kana kwamba mteja anamwona. Hilo la kutabasamu nimewafundisha mimi. Tabasamu linasikika.

Kundi la safari hii lilikuwa la watu watatu. Wa kwanza kijana tuliyembatiza Redio, kwa sababu ukimwasha hazimiki. Wa pili Bi Harusi, aliyetoka fungate moja kwa moja akaingia kazini, bado anatazama pete yake kila akishika kipanya cha kompyuta. Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni, aliyefundisha shule ya msingi hadi shule yenyewe ilipofungwa. Huyo hakuhitaji kubatizwa. Aliingia siku ya kwanza akasahihisha herufi ubaoni kwangu, wote tukamwita Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mtu mwema na mhudumu mbovu. Ualimu ulikuwa umemkaa kooni. Mteja akisema salio lake limepotea, yeye huuliza, "Na kwa nini hukusoma maelekezo?" Mteja akisema amesahau namba ya siri, yeye hushusha pumzi kwa huzuni, kama anayerudisha daftari lenye alama nyekundu. Nilimwambia, "Kaka, hapa hatusahihishi watu." Akasema, "Najua, dada. Mdomo ndio haujui."

Kwa ajili ya watu kama yeye niliandaa mazungumzo ya mafunzo, ukurasa mmoja wa maneno ya mteja na mhudumu, ambayo wanafunzi huyasoma wawili wawili kama mchezo wa kuigiza. Siyatungi hewani. Nachukua simu halisi zilizorekodiwa, hasa zile zilizoharibika, nafuta kila kinachoweza kumtambulisha mteja, naandika upya sehemu ya mhudumu jinsi ilivyopaswa kuwa. Mazungumzo ya kundi hili yalitokana na simu ya mama mmoja mtu mzima. Malalamiko yake yalikuwa haya, neno kwa neno:

"Mwanangu mnamruhusu kuandika, mnamkataza kusema."

Binti aliyeipokea simu hiyo alikuwa mzoefu, na uzoefu ndio uliomponza. Alisema, "Mama, sisi hatumkatazi mtu kusema. Una uhakika hukubonyeza kitu kwenye simu yako?" Mama akasema, "Nibonyeze nini?" Binti akasema, "Sasa mimi nitajuaje, mama, simu unayo wewe." Ukafuata ukimya, kisha mlio wa simu kukatwa. Basi. Hakuna aliyejua mama alikuwa anasema nini.

Nami sikujua. Ila meneja wetu ana sheria yake: kila mazungumzo ya mafunzo lazima yaishe mteja ameridhika. Anasema watu hawajifunzi kutoka kwenye huzuni. Kwa hiyo nilimtungia mama mwisho mwema. Katika karatasi yangu mhudumu anauliza kwa upole, anagundua kwamba mama aliiweka namba ya mwanawe kwenye orodha ya namba zilizozuiwa kupigiwa bila kukusudia, anamwelekeza hatua kwa hatua, mtoto anapokea, mama anashukuru. Niliisoma nikajipongeza. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa yule mama.

Siku ya kuigiza, Redio alijipa sehemu ya mteja. Akajifunga sweta kichwani kama kilemba, akakunja mgongo, akaanza kutetemesha sauti. "Mwanangu mnamruhusu kuandikaaa!" Bi Harusi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi kachanganyikiwa huyu," Redio akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Mtandao unamkatazaje mtu kusema?"

Damu ilinipanda. "Vua hiyo sweta," nikamwambia. "Malalamiko yakikuchanganya, aliyechanganyikiwa ni wewe. Yeye anajua anachosema. Wewe ndiye hujui anachosema. Sasa mzigo wa kuelewa ni wa nani?"

"Wangu," akasema, na sweta ikavuliwa.

Nikawarudia hatua zote. Mwache amalize, hata akizunguka mbuyu na kurudi. Kisha omba msaada: nisaidie nielewe. Usiulize "kwa nini", maana "kwa nini" huanza na kosa kabla ya jibu. Uliza "ilikuwaje", uliza "unasikia nini", uliza "unaona nini". Usiseme "ulifanya nini", sema "kilitokea nini". Swali moja kwa wakati. Mwisho, kabla hujagusa suluhisho lolote, mrudishie maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe, uulize kama umeelewa sawa. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Mtu akisikia maneno yake mwenyewe yanarudi yakiwa mazima, hasira inamtoka.

Mwalimu aliigiza mara mbili akakosea mara mbili. Mara ya pili aliuliza "kwa nini" akajishika mdomo kabla sijasema kitu. Baadaye wenzake walipotoka kwenda kunywa chai, yeye alibaki na karatasi yangu mkononi.

"Dada, huyu mama halisi, alipata jibu?"

"Alikata simu."

"Kwa hiyo hili la namba iliyozuiwa, ni wewe umelitunga?"

"Ni la mafunzo, kaka. Mwisho si muhimu, muhimu ni maswali."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wanafunzi hukumbuka mwisho," akasema, akaikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa shati.

Wiki iliyofuata tulivuka kioo. Hapo mwanafunzi hukaa kwenye kiti cha mhudumu anapokea simu za kweli, nami nakaa ubavuni na hedifoni ya pili, nasikia pande zote mbili. Mteja hanisikii. Mambo yakienda kombo, nina kitufe cha kuingilia kati. Mwalimu alikuja amenyoa, ametia kalamu mbili mfukoni, ameiweka karatasi ya mazungumzo mbele yake na kuilaza vizuri kwa kiganja.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mtu kapoteza laini, mwingine bando limeisha kabla ya wakati. Kwenye "kwa nini" alikuwa anapunguza mwendo kama dereva anayejua tuta liko wapi. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ikaingia simu nyingine.

"Karibu huduma kwa wateja. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe angalau una salamu. Siku ile nilimpata binti mmoja akaniuliza kama nina uhakika. Mimi si mtoto mdogo."

Niliijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi nikiiandika, nikaizoea mpaka nikaanza kuiona kama mali yangu.

"Pole sana, mama," Mwalimu akasema. "Na samahani kwa siku ile. Niambie leo, mimi nipo."

"Mwanangu mnamruhusu kuandika, mnamkataza kusema."

Mwalimu akageuka akanitazama, macho yametoka. Nikamwashiria kwa mkono: endelea. Kidole chake kikateremka kwenye karatasi mpaka mstari uliofuata.

"Nataka nielewe vizuri, mama, nisije nikakupeleka siko. Nisaidie. Unaweza kunisimulia ilivyokuwa tangu mwanzo? Mimi nakusikiliza."

Mama akavuta pumzi. Ungedhani alikuwa amekaa siku zote akingoja mtu amwambie maneno hayo.

Akaanza. Mwanawe huyu ndiye kitinda mimba, alisafiri kwenda mbali kutafuta kazi. Mwanzo alikuwa anapiga kila jioni, wanataniana mpaka salio linawakatia. Halafu akanyamaza. Kaka zake walimtafuta, wakauliza kwa waliosafiri naye, wakarudi mikono mitupu. Mmoja alianza kusema mambo ya matanga, mama akamfukuza kwenye kiti. "Mimi sikuacha kumwandikia," akasema. "Nikiamka tu, kabla ya kunawa uso: umeamkaje, mwanangu. Simu inaniambia ujumbe haukufika. Nikazoea. Kutofika kwenyewe nikakuzoea, nikawa naona ni namna yake ya kuitika. Halafu asubuhi moja ukafika."

Nilimwona Mwalimu ameuma mdomo wa chini asimkatize.

"Ukafika, na akajibu. 'Nimeamka salama mama. Wewe je?' Nilikaa chini palepale jikoni, baba. Uji ukaungua, nyumba nzima ikanuka, mimi niko chini nalia na kucheka. Tangu siku hiyo ananijibu. Namwambia kuna baridi vaa sweta, anasema nimevaa mama. Namuuliza umekula, anasema nimekula mama. Na adabu imemzidi! Zamani alikuwa ananiita Bosi. Mbele za watu, sokoni, Bosi, mpaka naona haya. Siku hizi ni mama, mama. Nikasema, amekua."

Mimi nafanya kazi kwenye kampuni ya simu. Najua namba hufanya nini zikikaa kimya.

"Sasa hamu yangu ni sauti," mama akaendelea. "Nikipiga, hamumwachii aongee. Ndiyo nauliza, nimekosa nini? Kama kuna kitu sijalipia niambieni nilipe."

"Hujakosa kitu, mama," Mwalimu akasema. "Ukimpigia, sikioni unasikia nini?"

Lilikuwa swali sahihi. Lilikuwa swali langu, na kwenye karatasi yangu mteja anajibu kwamba simu haiiti kabisa.

"Inaita," mama akasema. "Inaita vizuri tu. Halafu inakatwa. Haipiti kitambo ujumbe unaingia: samahani mama niko kazini."

Namba iliyozuiwa haiiti hivyo. Simu inayoita mpaka ikakatwa kwa mkono imefika, na iko mkononi mwa mtu. Mwisho wangu mwema ukafia pale. Mwalimu akaisukuma karatasi pembeni, taratibu, asifanye kelele.

Akamwomba mama namba ya mwanawe, akamwomba pia ruhusa ya kuitazama. Skrini ikafunguka. Sisi haturuhusiwi kumwambia mteja namba ni ya nani, ila sisi wenyewe tunaona imeanza kutumika lini. Ile ilikuwa imelala muda mrefu bila kutumika, ikafungwa, ikarudishwa kampuni, ikawekwa sokoni tena, ikasajiliwa kwa mteja mpya. Usajili wenyewe ulikuwa wa juzijuzi tu, mbichi kabisa. Nikaweka kidole changu kwenye mstari huo. Mwalimu akausoma.

Kidole changu kingine kilikuwa juu ya kitufe cha kuingilia kati. Nimewahi kukibonyeza kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini ningeingia niseme nini? Nikakiondoa kidole.

"Mama," Mwalimu akasema, "kabla sijakuambia lolote, naomba nihakikishe mimi nimekuelewa. Nikikosea unisahihishe."

"Haya."

"Mwanao alisafiri. Alikuwa anakupigia kila jioni, halafu akanyamaza. Kaka zake walimtafuta hawakumpata. Wewe uliendelea kumwandikia, na ujumbe ulikuwa haufiki. Halafu asubuhi moja ukafika. Tangu hapo anayekujibu anakujibu kwa kuandika tu. Ukimpigia, simu inaita na inakatwa. Sauti yake hujaisikia. Na zamani alikuita Bosi, siku hizi anakuita mama. Nimeelewa sawa?"

Mama alinyamaza.

Nimesikia ukimya mwingi kazini. Kuna wa hasira, kuna wa mtu anayetafuta kalamu, kuna wa aliyeshika simu huku anapika. Ule haukuwa katika hiyo yote. Nyuma yake nilisikia kuku, mlango ukibamizwa na upepo, na mtu akiita jina nje. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Hakusema "haloo", hakusema "mama upo?" Nilikuwa nimewafundisha kuwarudishia watu maneno yao. Hili ambalo maneno yale yanaweza kumfanyia mtu akiyasikia, sikulifundisha, maana sikulijua.

"Hebu rudia hapo," mama akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapo pa kuniita."

"Zamani alikuita Bosi. Siku hizi anakuita mama."

"Nilisema amekua," mama akasema, na sauti ikamkatika katikati. "Unaniuliza, baba, au unaniambia?"

"Nilikuwa nakuuliza, mama. Lakini kuna jambo naliona hapa kuhusu namba. Ukitaka nitakuambia. Usipotaka, sitakuambia."

"Namba ina mtu mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Si mwanangu."

"Si yeye, mama. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifunga, baadaye humpa mteja mwingine. Hapakuwa na njia ya wewe kujua. Hukukosea mahali popote."

"Na mwenyewe? Namba mmeichukua, mwenyewe mmemweka wapi?"

Redio angejaza hapo maneno kumi. Mwalimu alisema, "Hatujui, mama. Namba kunyamaza haituambii chochote juu ya mwenye namba. Naumia kwamba sina zaidi ya hilo la kukupa." Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote.

Mama alilia. Hakupiga kelele, ilikuwa pumzi tu, inaingia kwa vipande. Nami nililia, nasema wazi, machozi yalidondoka kwenye kibodi ya kampuni wala sikuyafuta. Mhudumu wa kiti cha jirani alinitazama akageuza uso. Watu hawajazoea kumwona Pilipili katika hali ile.

"Kwa hiyo huyu ninayemwambia avae sweta," mama akasema mwishowe, "ni mtoto wa watu."

"Ndiyo, mama."

"Na anavaa?"

"Mama?"

"Anajibu kwamba amevaa. Angeweza kusema umekosea namba. Watu wanasema hivyo, hata wanatukana. Yeye kila asubuhi ananiambia ameamka salama." Akapenga kamasi. "Msimgombeze."

"Hatutamgombeza."

"Mwambieni sitampigia tena. Kama ni sauti ndiyo inayomtisha, mwambieni nimeacha. Ila asiache kuandika."

Mwalimu akanigeukia. Nikatikisa kichwa. Hatubebi maneno ya mteja mmoja kumpelekea mwingine, ni sheria, na ni sheria nzuri siku zote isipokuwa siku ile.

"Mama, sisi haturuhusiwi kumpelekea neno. Lakini wewe unaweza kumwandikia mwenyewe."

"Nikimwandikia kwamba nimejua, ataona haya, ataacha."

"Huenda, mama. Hilo siwezi kukuahidi."

"Sijakuomba ahadi. Nimekuja na lalamiko, nijibu lalamiko langu. Mnamkataza kusema?"

"Hapana, mama. Hatumkatazi."

"Na kuandika, mnamruhusu?"

"Tunamruhusu, mama."

"Basi, baba. Limekwisha. Mungu akuweke, umeniuliza vizuri."

Akakata. Skrini ikamfungulia Mwalimu kile kisanduku kinachokuja baada ya kila simu, chenye swali moja: lalamiko limetatuliwa, au halijatatuliwa? Bila kuchagua, simu inayofuata haiingii. Mwalimu alikishika kipanya, akakiachia, akakishika tena.

"Nichague lipi, dada?"

Nilivua hedifoni nikatoka, nikasimama kwenye ngazi mpaka uso ukapoa. Niliporudi, kisanduku kilikuwa bado wazi, na Mwalimu alikuwa ameweka kalamu zake mbili sambamba mezani, anazitazama. Nilinyoosha mkono nikachagua mwenyewe: halijatatuliwa.

Lakini mtambo wetu hauniulizi mimi. Kila simu ikiisha, hutuma wenyewe ujumbe kwa mteja, bila mkono wa mtu: "Ndugu mteja, je, tatizo lako limetatuliwa? Jibu NDIYO au HAPANA." Majibu huja kwenye kompyuta yangu alasiri, nami ndiye ninayeyasoma. La mama lilikuwepo. Aliandika: "Aliyekuwa ananiita Bosi hayupo. Kijana wenu ameniuliza kwa heshima. Naomba muendelee kumruhusu huyu mwingine."

Mtambo ukamjibu papo hapo, jinsi ulivyoagizwa kumjibu kila mtu anayeandika zaidi ya neno moja: "Samahani, hatujaelewa jibu lako. Tafadhali jaribu tena."

Chini yake kulikuwa na jibu lake la pili. Alikuwa amejaribu tena, kama alivyoombwa. Aliandika: "NDIYO."

Kesho yake meneja aliingia darasani na uso wa sikukuu. Alikuwa ameisikiliza simu yote. Alimshika Mwalimu bega, akawaambia Redio na Bi Harusi kwamba hivi ndivyo malalamiko magumu yanavyofafanuliwa bila kumnyooshea mteja kidole. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Kisha akaniambia niitupe ile karatasi ya zamani, mazungumzo ya mafunzo kuanzia sasa yawe haya, mwanzo hadi mwisho.

"Na sheria?" nikamuuliza. "Si lazima yaishe mteja ameridhika?"

"Kwani huyu hajaridhika?" akasema, akanionyesha skrini. "Si huyu hapa, amesema ndiyo."